Suzana Bulugu na Mnada wa Milinganyo

Pale Nyakahura, siku ya mnada wa ng'ombe, hata mtoto wa chekechea anajua kumpima mtamba kwa macho. Mwalimu Gervas alilijua hilo, na ndiyo maana aliponunua sifa ya kuwa mwalimu mkali wa hesabu, aliinunua kwa bei rahisi: alihamishia mnada darasani.

Ulifanyika kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, kidato cha pili. Mwanafunzi anaitwa ubaoni, anapewa milinganyo miwili yenye x na y, anaambiwa aitafutie majibu kwa njia ya kuondoa, yaani kuifuta herufi moja ili nyingine ipatikane. Akipata, anakaa. Akikosa, anabaki amesimama mbele, Mwalimu anapiga makofi mara moja na kusema, "Haya, nani anamchukua huyu?" Hapo darasa linaanza kutaja dau. Shilingi haitajwi. Mmoja anatoa kiazi kilichooza, mwingine ndala ya mguu mmoja, mwingine maji ya kunawia. Anayetaja kitu cha aibu kuliko vyote ndiye anayenunua, na aliyeuzwa hufagia darasa wiki nzima huku akiitwa jina la kile alichonunuliwa nacho. Mwalimu Gervas alikuwa hashiki fimbo, na alijivunia sana kwamba hashiki fimbo.

Suzana alikuwa ameuzwa Ijumaa nyingi kuliko mtu yeyote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mkubwa kuliko darasa zima, tena alikuwa mama. Aliacha shule akiwa na mimba, akakaa nyumbani hadi mtoto wake Joyceline alipoanza kutembea, ndipo akarudi, kwa kuwa siku hizi wasichana wa namna yake wanaruhusiwa kurudi. Kuruhusiwa na kupokewa ni mambo mawili, na Suzana alilifahamu la pili siku ya mnada wake wa kwanza.

"Huyu anauzwa na ndama wake," Mwalimu Gervas alisema siku hiyo. "Mnunuzi asije akanilalamikia baadaye."

Darasa lilicheka hadi mpishi wa shule akachungulia kutoka jikoni. Suzana alitazama sakafu. Nyumbani hakusema kitu, maana huko nako kulikuwa na mtu wa kumwogopa.

Baba yake, mzee Bulugu, alikuja na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga kabla Suzana hajazaliwa, akafungua shamba, akawa pia dalali mnadani. Hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Maneno yote aliyamalizia kazini. Mwaka uliotangulia Suzana alipata F ya hesabu kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Mzee alimwomba mtu amsomee yale matokeo mara mbili, kisha akatoa hukumu yake.

"Mwanangu, historia sijui, jiografia sijui. Lakini hesabu ninaijua, inalisha nyumba hii. Utarudia mwaka mmoja. Ukileta tena hiyo F, utakwenda kambini kule porini ukawapikie wachungaji. Mtoto atabaki na mama yako."

Hakupandisha sauti, wala hakurudia. Kambi ile ilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na aliyewahi kupika huko kabla yake, shangazi yake mmoja, alirudi amekonda na hataki kuulizwa. Kwa hiyo Suzana alikuwa na mwaka mmoja wa kuielewa hesabu au kuachana na mwanawe. Mwaka ulipofika Septemba, bado alikuwa hajaelewa kitu.

Si kwamba alikuwa mvivu. Kanuni aliikariri kama sala. Mwalimu Gervas aliifundisha kwa Kiingereza, kisha akaigeuza Kiswahili "kwa ajili ya wagonjwa wetu," na darasa likaimba: alama zikifanana, toa, zikitofautiana, jumlisha! Suzana aliimba kwa sauti kuliko wote. Shida ilianza pale alipotakiwa kutoa.

Dawati moja naye alikaa Kaneza. Huyu alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mdogo wa umbo, mjukuu wa wakimbizi wa Kirundi waliotulia kijiji cha Kaniha zamani na kupewa uraia, na katika hesabu alikuwa hagusiki. Hajawahi kuuzwa hata Ijumaa moja. Kitu pekee kilichomshinda Kaneza ni maji. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta ndoo moja jikoni asubuhi kutoka kwenye pampu, na Kaneza alikuwa anafika na nusu ndoo na sare imelowa hadi magotini. Suzana, ambaye alizoea kubeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni, akaanza kumbebea. Hakuombwa. Alimwonea huruma tu, na huruma ile ilimletea faida.

"Dada, njoo nikuonyeshe," Kaneza alisema siku moja wakati wa mapumziko, akachuchumaa nyuma ya jiko na kijiti mkononi. Akaandika kwenye vumbi:

4x − 3y = 11
2x + 5y = 25

"Ifanye kama unavyofanyaga. Mimi nitanyamaza."

Suzana aliamua kuiondoa x. Aliona juu kuna 4x na chini 2x, akazidisha mstari wa chini kwa mbili, akapata 4x + 10y = 25.

"Hapo umeishia njiani," Kaneza alisema. "Umezidisha kushoto, kulia umepasahau. Huu mstari ni mizani, dada. Ukiongeza mzigo upande mmoja mara mbili na upande wa pili ukauacha, si italala?"

Suzana akafuta 25 kwa kidole, akaandika 50. Sasa alikuwa na 4x + 10y = 50, na ule wa kwanza akauweka chini yake, 4x − 3y = 11. Alama za x zinafanana, kwa hiyo atoe. Nne toa nne, hakuna. Kumi toa tatu, saba. Hamsini toa kumi na moja, thelathini na tisa. Akaandika 7y = 39, akaanza kugawanya, na saba haikuingia sawasawa kwenye thelathini na tisa. Alibaki ameduwaa na kijiti chake, kama alivyobaki ubaoni kila Ijumaa.

"Umeona?" Kaneza aliuliza. "Hapa ndipo unapouzwa kila siku. Hukutoa tatu. Pale chini pameandikwa hasi tatu. Unatakiwa kutoa hasi tatu."

"Si ni kutoa tu?"

"Siyo. Sikiliza. Ukisikia 'toa', wewe usitoe kabisa. Uuweke mstari wa chini wote kwenye mabano, ugeuze kila alama iliyomo, kila moja, halafu ujumlishe. Kujumlisha si unajua?"

Kujumlisha Suzana alijua. Kaneza akamshikia kijiti, wakageuza pamoja: 4x ikawa −4x, −3y ikawa +3y, 11 ikawa −11. Wakajumlisha na mstari wa juu. 4x na −4x zikafutana. 10y na 3y zikawa 13y. Hamsini na hasi kumi na moja ikabaki thelathini na tisa.

13y = 39.

"Kumi na tatu mara tatu," Suzana alisema polepole. "Thelathini na tisa. Y ni tatu!"

"Sasa irudishe kwenye mstari mmojawapo, ule rahisi."

Akaichukua 2x + 5y = 25. Tano mara tatu, kumi na tano. 2x + 15 = 25. 2x = 10. X ni tano.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Kajaribu kwenye ule mwingine, ule ambao hukuutumia kutafutia x. Ule ulioutumia utakukubalia hata ukikosea y."

Nne mara tano, ishirini. Toa tatu mara tatu, tisa. Kumi na moja. Suzana alitazama ile kumi na moja ya kwenye vumbi. Kwa miaka miwili alikuwa anaambiwa ana kichwa kigumu, kumbe kosa lake lilikuwa moja, na kila siku lilikuwa lile lile. Alimkumbatia Kaneza hadi mtoto wa watu akalalamika kwamba anaumizwa.

Kuanzia hapo ikawa kila siku. Ndoo asubuhi, kijiti mapumziko. Na kwa kuwa watu hawawezi kuongea x na y peke yake, Kaneza akamweleza na ya kwao: kwamba mama yake alirudi Burundi na hajaleta habari, kwamba analala kitanda kimoja na bibi yake kwa sababu akilala peke yake anaota vibaya na mara nyingine anaamka amelowesha godoro. Hayo ya godoro aliyasema ameinamisha kichwa.

"Usimwambie mtu, dada."

"Nimwambie nani mimi?" Suzana alijibu, na wakati ule alimaanisha.

Walikuwa wamepanga, wakimaliza milinganyo, waingie kwenye maumbo, kisha asilimia, kisha mengine yote ambayo Suzana hakuyajua. Kaneza alisema hadi Novemba watakuwa wamefika mbali, na Suzana alimwamini kabisa.

Ijumaa moja ya Oktoba Mwalimu Gervas aliingia akiwa amechangamka, na hiyo haikuwa dalili nzuri kwa mtu yeyote.

"Tuanze na bidhaa tunayoifahamu," alisema. "Mama Joyceline, karibu."

Aliandika:

3x + 2y = 16
5x − 3y = −5

Hata watoto waliokaa nyuma waliguna. Hakuna namba iliyolingana na mwenzake, tena kuna hasi hadi mwishoni. Aron, kijana wa dawati la nyuma aliyekuwa mnunuzi maarufu, alikwisha kunyoosha mkono kabla chaki haijafika mkononi mwa Suzana.

Suzana alisimama akiangalia ubao. Aliamua kuiondoa y, kwa sababu alama zake zilitofautiana na hapo hakungekuwa na kugeuza. Juu akazidisha kwa tatu, kila kitu, hadi kulia: 9x + 6y = 48. Chini akazidisha kwa mbili, kila kitu: 10x − 6y = −10. Alama zinatofautiana, jumlisha. 19x = 38. X ni mbili. Akairudisha kwenye mstari wa kwanza: sita, na 2y, sawa na kumi na sita, 2y ni kumi, y ni tano. Yeye hakuweka chaki chini. Akaandika pembeni mstari wa pili: tano mara mbili ni kumi, toa tatu mara tano ni kumi na tano, hasi tano.

"Imekubali, Mwalimu," alisema.

Mwalimu Gervas aliutazama ubao muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mchezo wake ulikuwa umeharibika, na alimjua aliyeuharibu. Alikwisha kuwaona nyuma ya jiko. Akafuta.

"Vizuri. Kumbe kuna fundi anatengeneza vifaa vilivyokufa. Fundi mwenyewe aje tumwone. Kaneza."

Kaneza alikwenda bila wasiwasi. Mwalimu akaandika:

2x + 3y = 7
4x + 6y = 15

Kaneza alizidisha mstari wa juu kwa mbili, akapata 4x + 6y = 14. Akageuza alama, akajumlisha na ule wa chini. X ikafutika. Y nayo ikafutika. Kulia ikabaki moja. Alikuwa ameandika 0 = 1, na mkono wake ukasimama hewani. Akafuta, akaanza upya, safari hii akijaribu kuiondoa y kwanza. Ikatoka vile vile. Mtoto ambaye hajawahi kukosa hajui kukosa kunafananaje.

Mwalimu Gervas akapiga makofi mara moja.

Darasa lilipiga kelele kama limeletewa sikukuu. Kaneza anauzwa! Watu wengine walipanda juu ya madawati. Mwalimu akanyanyua mkono.

"Leo nina udhuru wa koo. Tuna mtoto wa dalali humu, au siyo? Suzana, simama utuuzie."

Suzana hakusimama. Alimwangalia Kaneza, ambaye bado alikuwa anaukodolea macho ubao, midomo ikihesabu.

"Au nikuandikie wewe mwenyewe hiyo hiyo uifanye?" Mwalimu alimuuliza kwa upole. "Na Ijumaa ijayo, na inayofuata, hadi siku ya mtihani?"

Suzana alisimama. Tuseme ukweli: hadi hapo alikuwa analazimishwa, na mtu mwenye roho nzuri angeweza kumsamehe. Angeweza kusema maneno mawili makavu, Aron akataja kitu chake, yakaisha. Lakini alipofika mbele, akageuka, akaziona zile nyuso zote zinamsubiri yeye, si kwa kumcheka bali kwa kutaka awachekeshe, kitu fulani kikamfunguka kifuani. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mzee Bulugu.

"Haya, haya, haya! Sogeeni! Mtamba mweusi kutoka ng'ambo, mbavu nje, meno yote yapo! Mama yake kavuka mpaka hajarudi, kwa hiyo hakuna wa kuja kumdai!"

Darasa likalipuka. Suzana akazunguka nyuma ya Kaneza kama dalali anavyozunguka mnyama, akamwinua mkono, akauachia uanguke.

"Maji habebi! Mzigo habebi! Ila maji ya usiku anayo mengi, mnunuzi aje na godoro la ziada! Bibi yake kachoka kulianika!"

Kwa sekunde moja hakuna aliyeelewa. Kisha wakaelewa wote kwa pamoja, na kicheko kilichofuata hakijawahi kusikika shuleni pale. Mwalimu Gervas mwenyewe alijifuta machozi. Suzana alicheka pia, na ni lazima isemwe kwamba alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu arudi shuleni, alikuwa mmoja wao.

"Kuku mwenye kideri!" Aron alipiga kelele, akitaja ule ugonjwa unaomaliza kuku.

"Kuku mwenye kideri, mara ya kwanza! Mara ya pili! Amekwenda!" Suzana alinadi.

Kaneza hakulia. Alisubiri hadi kelele zilipopungua, akamgeukia Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mwalimu, hii haina jibu. Mstari wa chini unapingana na wa juu. Hakuna x wala y inayoweza kuikubali yote miwili."

"Najua," Mwalimu Gervas alisema, akikusanya vitu vyake. "Nilitaka kuona itakuchukua muda gani. Umechelewa, umeshanunuliwa. Ufagio uko pale."

Jumatatu asubuhi Suzana alimkuta Kaneza pampuni, akanyoosha mkono kuichukua ndoo kama kawaida. Kaneza aliisogeza. Akaibeba mwenyewe, maji yakimmwagikia, hadi jikoni. Darasani alikuwa amekwisha kuhamia dawati la mbele. Nyuma yake watoto waliigiza mlio wa kuku.

Suzana alivumilia siku kadhaa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani, na alipofungua karatasi za mitihani iliyopita aliona maumbo asiyoyajua majina yake. Jumamosi akafunga safari hadi Kaniha akiwa na Joyceline mgongoni na mkungu wa ndizi kichwani. Alimkuta bibi yake Kaneza uani, anapura maharage, na nyuma yake kwenye kamba godoro limeanikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Suzana? Mjukuu wangu alikuwa anakutaja kila siku. Alisema ana dada huko shuleni." Bibi alimtua mzigo, akamchukua mtoto, akaanza kumwimbia Kirundi. Alikuwa hajaambiwa kitu.

Kaneza alitoka ndani. Alimsalimia vizuri, akamletea maji ya kunywa, na mtoto aliposinzia na kurudishwa mgongoni, akamsindikiza hadi kwenye njia. Suzana alisema yote aliyokuja nayo: kwamba Mwalimu alimlazimisha, kwamba mdomo ulimponyoka, kwamba akipata F baba atampeleka porini na huyu mtoto atamsahau.

"Nimekusamehe, dada," Kaneza alisema. "Nilikwisha kukusamehe siku ile ile."

Suzana alishusha pumzi. "Basi Jumatatu tuendelee? Tuanze maumbo?"

"Hapana."

"Si umesema umenisamehe?"

"Ndiyo. Lakini ulipokuwa hujui hesabu, ulikuwa mtu mzuri. Mimi ndiye niliyekufundisha ukapata nafasi ya kusimama pale mbele. Sitaki kukufundisha tena." Alimrekebishia mtoto khanga mgongoni mwa Suzana, taratibu, asiamke. "Ndizi asante. Bibi anazipenda."

Akarudi uani kumsaidia bibi kupura maharage.

Novemba walifanya mtihani. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali kumi. Suzana alijibu moja, lile la milinganyo, akahakikisha jibu lake kwenye mstari ule mwingine, likakubali; yale tisa hakuyajua, akakaa saa mbili akitazama ukuta, hadi msimamizi alipokuja kukusanya.